Uso na Mfuko: Nini Kitangulie, Nini Kisubiri

Anayetaka kuboresha mwonekano wa uso wake kwa kawaida ana mahitaji mengi na fedha chache. Kosa la kwanza hufanyika kabla shilingi haijatoka mfukoni, pale mambo yanapopangwa kwa kufuata kinachomkera zaidi mwenye uso. Pua au kidevu hutangulia kwa sababu ndivyo vinavyosumbua akili, ilhali vipele, ugaga wa meno na ngozi iliyobabuka husubiri vikizidi kuharibika. Mpangilio unaofaa hutokana na maswali matatu yanayoulizwa kwa kila kasoro. Je, ni ugonjwa? Je, tiba yake inaweza kutenguliwa isipopendeza? Na kwa mwaka mzima itagharimu kiasi gani, mbali na bei ya siku ya kwanza?

Mfano mmoja ukifuatwa hatua kwa hatua utaonyesha jinsi maswali hayo yanavyofanya kazi. Kijana wa miaka 27, karani wa ghala, amezaliwa na kukulia chini ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Anaweza kutenga shilingi 40,000 kwa mwezi kwa ajili ya uso wake, yaani 480,000 kwa mwaka, na ndani ya kiasi hicho zimo fedha anazompa kinyozi. Anachokitaka kwanza ni kupunguziwa pua. Pia ana vipele shingoni na chini ya taya, madoa meusi yaliyoachwa na vipele hivyo, na meno ya mbele yenye mabaka ya kahawia.

Kabla ya kuandika orodha, kasoro zinapaswa kutazamwa kwa namna isiyodanganya. Picha ya kujipiga kwa simu haifai kwa kazi hii. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba picha iliyopigwa kutoka umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ya mwanamume ionekane pana kwa takribani asilimia 30 kuliko inavyoonekana kutoka mita 1.5. Lensi ikiwa karibu, kilichojitokeza mbele hukua na masikio hurudi nyuma. Kwa hiyo picha za orodha hupigwa na mtu mwingine aliyesimama hatua mbili mbali, mchana, karibu na dirisha, uso ukiwa umeoshwa na haujapakwa kitu. Zinatosha tatu: moja ya mbele na moja kwa kila upande. Huhifadhiwa na kupigwa tena kila baada ya miezi mitatu, mahali palepale na saa ileile, kwa sababu kumbukumbu ya kioo haiaminiki. Karani huyu akitazama picha za namna hiyo, ataikuta pua yake ikiwa ya kawaida, na atashtuka kuona hali ya shingo.

Vipele vya ndevu ndivyo vinavyotangulia, kwa kuwa ni ugonjwa na kila wiki inayopita huongeza madoa. Asili yake iko kwenye umbo la unywele. Unywele uliojikunja ukikatwa kwa wembe huachwa na ncha kali kama ya mkuki. Unapokua tena hujipinda na kuichoma ngozi, au, ikiwa umekatwa chini ya usawa wa ngozi, huitoboa kutoka ndani kabla haujatokeza nje. Mwili huushambulia kama unavyoushambulia mwiba, ndipo uvimbe, usaha na weusi hufuata. Wanaoamini kwamba tatizo ni uchafu huongeza kusugua na kumwagia spiriti, na ngozi iliyojeruhiwa hujeruhiwa zaidi.

Tiba ya kwanza haina bei: kuacha kunyoa. Ndevu zikiachwa kwa wiki tatu au nne, nywele nyingi zilizonasa hurefuka kiasi cha kujinasua zenyewe. Siku za mwanzo vipele vinaweza kuonekana kana kwamba vimezidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye wembe. Baada ya muda huo, ndevu hupunguzwa kwa mashine yenye kofia inayobakiza angalau milimita moja, bila kuvuta ngozi na bila kupita mara nyingi mahali pamoja. Anayelazimika kutumia wembe hulainisha ndevu kwa maji ya uvuguvugu, hufuata uelekeo wa nywele na hatafuti ulaini wa kioo. Ulaini huo ndio unaorudisha ugonjwa.

Mashine ya mtu mwenyewe ina faida ya pili. Mashine isiyosafishwa baina ya mteja na mteja hubeba fangasi wa mapunye, na wembe uliotumika kwa mwingine unaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina B. Anayeendelea kwenda kwa kinyozi ana haki ya kuona wembe mpya ukifunguliwa mbele yake. Aliye na vinundu vigumu kisogoni, pale nywele zinapoishia, aache kabisa kunyolewa kwa wembe sehemu hiyo na amwone daktari mapema, kwa kuwa vinundu hivyo huweza kugeuka makovu makubwa yasiyoota nywele.

Madoa meusi huja nafasi ya pili, na hayatibiwi kabla vipele havijakoma. Kila kipele kipya huzaa doa jipya, hivyo dawa ya madoa inayopakwa juu ya shingo inayonyolewa kwa wembe kila wiki ni fedha iliyopotea. Vipele vikisha tulia, madoa mengi huanza kufifia yenyewe, lakini hufanya hivyo polepole: yaliyo juu juu huchukua miezi sita hadi mwaka, na yaliyozama huweza kukaa miaka. Ukweli huu wa muda ndio unaowatajirisha wauzaji wa mkorogo. Krimu inayong'arisha uso ndani ya wiki mbili huwa na kitu kikali ndani yake, mara nyingi steroidi kama klobetasoli, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi hukonda ngozi na kuleta chunusi, na mtumiaji akiacha ghafla uso huwaka na kuvimba, hivyo hujikuta akirudia kopo lilelile. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari inaweza kuleta weusi wa kijivu wenye vidoti ambao ni mgumu sana kuondoa. Zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo. Dalili za kutambua krimu ya namna hii ni chache lakini ni za kuaminika. Haina orodha ya viambato au orodha imebandikwa juu ya nyingine, imechanganywa dukani na kufungwa kwenye kopo lisilo na jina, au imeandikwa kwamba ikae mbali na vito vya dhahabu na fedha, onyo ambalo huashiria zebaki.

Njia salama ina vitu viwili tu. Cha kwanza ni losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, kwa kuwa mwanga huamsha weusi wa doa hata kwa mtu mwenye ngozi nyeusi. Kwa madoa, inayofaa zaidi ni ile yenye rangi ya kahawia, kwa sababu oksidi ya chuma inayoipa rangi huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao losheni nyeupe nyingi huupitisha. Hupakwa ya kutosha, kiasi cha mistari miwili kwenye vidole viwili kwa uso na shingo, na hurudiwa kila baada ya saa mbili kwa anayeshinda juani. Inayopakwa kidogo kwa kubania haitoi kinga iliyoandikwa kwenye kopo, na hapo akiba hugeuka hasara. Ndiyo maana fedha ya losheni hukadiriwa kwa siku ambazo kopo litadumu likitumiwa ipasavyo.

Cha pili ni dawa moja, tena moja tu kwa wakati. Asidi ya azelaiki na adapaleni ndizo zinazotumika sana kwa chunusi na madoa. Adapaleni huanza kwa kiasi cha punje ya choroko kwa uso mzima, usiku mbili au tatu kwa wiki, kisha huongezwa ngozi ikizoea. Ngozi ikichubuka na kuwasha, siku hupunguzwa, kwa sababu muwasho wenyewe huzaa madoa. Mjamzito au anayetarajia ujauzito haitumii. Dawa hupewa wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kuhukumiwa. Tabaka la juu la ngozi huhitaji takribani mwezi mmoja kujifanya upya, hivyo anayebadilisha krimu kila wiki mbili hajaijaribu hata moja. Anayeanza mbili pamoja hatajua ni ipi iliyomsaidia na ipi iliyomdhuru.

Hapa ndipo ada ya daktari wa ngozi inapojilipa. Ziara moja yenye utambuzi sahihi huokoa makopo mengi ya kubahatisha. Kwa wakazi wa Arusha na Kilimanjaro, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu tangu mwaka 1992, na hapohapo hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao kinga ya jua ni kinga dhidi ya saratani na haihusiani na urembo.

Meno ya karani yana habari yake. Mabaka ya kahawia kwa aliyekulia chini ya Meru kwa kawaida hutokana na floraidi nyingi katika maji aliyokunywa utotoni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya ukanda huo wa volkano hupita kiwango hicho mara kadhaa. Floraidi huharibu gamba la jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, miaka ya mwanzo ya mtoto. Kwa hiyo rangi hiyo imo ndani ya jino, na mswaki hauifikii. Mkaa, limau, majivu na unga wa magadi havisaidii: vinalikwangua au kuliyeyusha gamba ambalo tayari ni dhaifu, na likishaisha halioti tena.

Hatua ya kwanza hata hivyo ni ileile kwa kila mtu, yaani kukwanguliwa ugaga na kukaguliwa matundu na daktari wa kinywa. Ugonjwa hutibiwa kabla ya rangi. Baada ya hapo, kwa floraidi kuna ngazi za bei na za hatari. Mabaka mepesi huweza kusuguliwa na daktari kwa asidi maalumu inayoondoa sehemu ndogo sana ya juu ya gamba, au kung'arishwa kwa jeli ya peroksidi inayovaliwa kwenye kifuko cha plastiki usiku kwa wiki mbili hivi. Mabaka mazito hufunikwa kwa rezini yenye rangi ya jino. Kazi hii humalizika kwa siku moja na hudumu kwa miaka kadhaa kabla ya kuhitaji kurudiwa. Ghali zaidi ni magamba ya kauri. Hudumu miaka kumi na zaidi, lakini mara nyingi jino lenyewe hupunguzwa kwanza ili gamba likae, na jino likishapunguzwa halirudi: mwenye nalo atahitaji kifuniko maisha yake yote. Kwa kijana wa miaka 27 hiyo ina maana ya kulipa bei hiyo mara tatu au nne kabla ya uzee. Rezini inayoweza kuondolewa ndiyo chaguo la busara kwake, hata kama kauri hung'aa zaidi.

Sasa bajeti. Bei zinazofuata ni makadirio ya mfano huu tu, na kila mtu huweka za mtaani kwake. Mahali pa kuanzia ni fedha inayotoka tayari. Karani hunyolewa kidevu na kichwa kila wiki kwa shilingi 3,000, sawa na 156,000 kwa mwaka, na hununua krimu ya madoa ya 8,000 kila mwezi, sawa na 96,000. Jumla ni 252,000, zaidi ya nusu ya bajeti yake, na sehemu kubwa yake inanunua ugonjwa wenyewe.

Miezi mitatu ya mwanzo ana 120,000. Mashine ya kunyolea inachukua 50,000, kukwanguliwa meno 30,000, kinyozi wa kichwa mara mbili kwa mwezi 18,000, sabuni isiyo kali pamoja na mafuta ya mgando 15,000. Zinabaki 7,000, na krimu ya zamani imeachwa. Hakuna dawa iliyonunuliwa, kwa makusudi. Picha ya mwezi wa tatu ndiyo itakayosema vipele vimepungua kiasi gani kwa kubadili unyoaji peke yake.

Miezi mitatu inayofuata ana tena 120,000. Ada ya daktari wa ngozi ni 30,000, dawa 20,000, losheni ya jua 25,000, na kinyozi na sabuni kama awali, 33,000. Zinabaki 12,000. Nusu ya pili ya mwaka ana 240,000. Kinyozi na sabuni huchukua 66,000, dawa na losheni hununuliwa tena kwa 45,000, na zinabaki 129,000. Zikijumlishwa na masalio ya nyuma zinakuwa 148,000, zinazotosha rezini ya meno mawili ya katikati kwa 70,000 kila moja. Meno hayo mawili ndiyo yanayoonekana kwanza mtu anapozungumza, na mengine yanaweza kungoja mwaka wa pili bila kudhurika. Rezini hiyo ikidumu miaka mitano, gharama yake halisi ni 28,000 kwa mwaka, chini ya theluthi moja ya alichokuwa akikipoteza kwenye krimu.

Hesabu hiyo ya kwa mwaka ndiyo inayopaswa kutumika kwa kila kitu cha bei kubwa, kwa sababu hugeuza mpangilio. Nyaya za kunyoosha meno ni ghali na huvaliwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, lakini zikifuatwa na kizuizi cha usiku matokeo yake hukaa. Sindano ya kulegeza misuli ya paji la uso huonekana nafuu kwa mara moja, ila huisha nguvu baada ya miezi mitatu au minne, hivyo ni kodi inayolipwa mara tatu au nne kila mwaka. Sindano za kujaza midomo na mashavu kwa asidi ya hayaluroniki hudumu kati ya miezi sita na mwaka na nusu, na zikiingia kwenye mshipa wa damu zinaweza kuua ngozi au kupofusha jicho. Asiyeweza kuonyesha kwamba anayo dawa ya kuiyeyusha palepale chumbani hapaswi kuchoma sindano hiyo, hata akiwa na bei ya chini kuliko wote.

Kama vipele vya karani havikupoa baada ya miezi sita ya mashine na dawa, basi kitu cha kwanza cha bei kubwa kinachostahili kuingia kwenye orodha yake ni leza ya kupunguza ndevu. Kwa ngozi nyeusi aina inayofaa ni Nd:YAG, ambayo mwanga wake hupita rangi ya juu ya ngozi bila kuiunguza sana na kufika kwenye shina la unywele. Vikao vinne hadi sita, vikiachana wiki nne au zaidi, ndivyo vya kawaida. Mashine za mwanga za bei nafuu zilizotengenezewa ngozi nyeupe zinaweza kuacha malengelenge na madoa mabaya kuliko yaliyopelekwa kutibiwa. Swali la kuuliza saluni au kliniki ni jina la mashine, na jibu likiwa la kuzungushazungusha, fedha ibaki mfukoni. Na leza ikifanikiwa, ndevu nene hazitarudi kama zamani, kwa hiyo anayependa kufuga ndevu siku moja afikiri kwanza.

Pua, iliyokuwa juu ya orodha, imeshuka hadi mwisho, na huko ndiko mahali pake. Upasuaji wake hautenguliki kirahisi, uvimbe hautulii kabisa hadi mwaka mmoja upite, na marekebisho ya pili ni magumu na ghali kuliko ya kwanza. Kwa mwenye ngozi nyeusi swali la keloidi huja kabla ya bei: aliyewahi kupata kovu lililovimba na kukua nje ya kidonda, mathalani baada ya kutoga sikio au kuchanjwa, amwambie daktari siku ya kwanza, na aliye na historia hiyo apime mara mbili upasuaji wowote wa hiari. Mtu anayeifikiria kasoro zaidi ya saa moja kila siku, ilhali watu wa karibu hawaioni, anafaa kumwona kwanza mtaalamu wa afya ya akili, kwa kuwa wenye hali hiyo mara chache huridhika hata upasuaji ukienda vizuri.

Akibaki na nia, fedha ya upasuaji huhesabiwa kwa ukamilifu: vipimo, dawa ya usingizi, chumba cha upasuaji, siku za kukaa nyumbani bila kazi, nauli na malazi ya ziara za ufuatiliaji kama daktari yuko Dar es Salaam au Nairobi, na akiba ya kukabili tatizo likitokea. Bima za afya kwa kawaida hazilipii upasuaji wa urembo, na matatizo yake pia huweza kuachwa nje. Akiba hiyo ya dharura ikikosekana, tarehe husogezwa mbele hadi ipatikane, na kiasi cha robo ya gharama yote ndicho cha chini kabisa cha kuanzia.